Ufaidiano baharini: samaki klauni na anemoni, samaki msafishaji na wateja wake

Ufaidiano ni uhusiano kati ya viumbe wa spishi mbili tofauti ambao, faida na hasara zote zikishajumlishwa, humwacha kila mmoja katika hali nzuri kuliko kama angeishi bila mwenzake. Haina maana kwamba hakuna anayepata hasara, wala kwamba viumbe hao wamekusudia kusaidiana, kwani kila mmoja hutafuta riziki yake na usalama wake. Maana yake ni kwamba baada ya hesabu kufanywa, pande zote mbili hubaki na ziada. Ukupe ni kinyume chake, kwa sababu humo mmoja hunufaika kwa kumdhuru mwenzake, na kama tutakavyoona, mpaka kati ya mahusiano haya mawili ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Njia nzuri ya kujua tunaangalia uhusiano wa aina gani ni kumwondoa mmoja na kutazama yatakayompata aliyebaki.

Tuanze na samaki klauni na anemoni, ambao hupatikana pia katika miamba ya matumbawe ya Kenya na Tanzania. Anemoni ni mnyama laini aliyejishikiza kwenye mwamba, na minyiri yake imejaa seli zenye vijishale vya sumu ambavyo hufyatuka vinapoguswa. Samaki wengine wadogo wakigusa minyiri hiyo huchomwa, na aghalabu huishia kuwa chakula. Samaki klauni hulala humo, na jike hutaga mayai juu ya jiwe lililo chini ya ukingo wa anemoni, mahali ambapo walaji wa mayai hawathubutu kusogea.

Kinachomlinda ni ute unaofunika ngozi yake, ambao haufyatui vile vijishale kama ufanyavyo ute wa samaki wengine. Hata hivyo, mara nyingi ulinzi huo hukamilika kwa kuzoeana. Samaki klauni anayemfikia anemoni mgeni huanza kwa kugusa ncha za minyiri kwa mkia au pezi, hurudi nyuma kwa ghafla, hugusa tena kwa tumbo, na huendelea hivyo kwa dakika kadhaa au hata saa kadhaa mpaka aweze kujizamisha kabisa bila kuchomwa. Akitenganishwa na mwenyeji wake kwa muda mrefu, huenda akalazimika kuanza upya.

Faida ya samaki inaonekana wazi, na ndiyo maana kwa muda mrefu swali lilikuwa anemoni anapata nini. Jibu limo katika mambo mawili. La kwanza ni ulinzi. Baadhi ya samaki vipepeo hula minyiri ya anemoni bila kujali sumu yake, na samaki klauni, ingawa ni mdogo, huwakabili na kuwafukuza. Katika Bahari ya Shamu watafiti waliwaondoa samaki klauni kwa makusudi, na anemoni waliobaki peke yao wakawa hawajitandazi kama kawaida, na baadhi yao wakashambuliwa na samaki vipepeo na kutoweka. La pili ni lishe. Ndani ya seli za anemoni huishi mwani wa seli moja unaotengeneza sukari kwa nguvu ya jua na kumgawia mwenyeji wake. Mwani huo unahitaji naitrojeni, ambayo ni adimu katika maji maangavu ya miamba, na amonia inayotoka mwilini mwa samaki klauni huupatia.

Hata hivyo, utegemezi wao haulingani. Katika mazingira asilia samaki klauni aliyekomaa huonekana mara chache sana bila anemoni, ilhali spishi kadhaa za anemoni hao huweza kuishi bila samaki, ingawa kwa shida zaidi. Ufaidiano haudai mizani iliyo sawa kwa sawa. Unadai tu kwamba pande zote zibaki na ziada.

Mfano wa pili unatufundisha zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna udanganyifu. Samaki msafishaji mwenye mstari mweusi ubavuni na rangi ya buluu hukaa mahali pamoja kwenye mwamba, na samaki wengine humwendea ili awadonolee vimelea. Chewa, ambaye angeweza kummeza mara moja, hutulia, hufungua kinywa na matamvua, na kumwacha aingie na kutoka. Katika miamba ya Kisiwa cha Lizard nchini Australia ilikadiriwa kwamba msafishaji mmoja hula takriban vimelea 1,200 kwa siku, wengi wao wakiwa vijidudu wanaofyonza damu.

Tatizo ni kwamba chakula anachokipenda zaidi msafishaji si vimelea. Majaribio yameonyesha kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua ute wa mteja, na ute huo ni sehemu ya kinga ya mteja mwenyewe. Ukitazama kwa makini utagundua wizi unapotokea, kwa maana mteja hushtuka mwili mzima ghafla anapodonolewa ute, wakati kung'olewa kimelea kwa kawaida hakumshtui hivyo.

Kinachomzuia msafishaji asiibe kila mara ni majibu ya wateja, nayo hutofautiana. Samaki anayezunguka eneo kubwa huondoka na safari nyingine kwenda kwa msafishaji mwingine. Samaki mwenye makao madogo hana mwingine wa kumwendea, hivyo humkimbiza aliyemwibia, na baada ya kukimbizwa msafishaji huwa mwangalifu zaidi anapomhudumia tena. Samaki walao wenzao huibiwa kwa nadra. Wapo pia wateja wanaotazama kwanza jinsi anayewatangulia anavyohudumiwa, na msafishaji anayejua kuwa anatazamwa hupunguza wizi wake. Kwa maoni yangu hapa ndipo dhana yenyewe inapoeleweka vizuri, kwa sababu tunaona ushirikiano unaosimama bila wema wa yeyote, kwa kuwa kuiba kuna gharama.

Je, wateja wanabaki na ziada licha ya wizi huo? Katika Kisiwa hichohicho cha Lizard wasafishaji waliondolewa katika miamba midogo kwa zaidi ya miaka 8, huku miamba mingine ikiachwa nao. Palipokosa wasafishaji, idadi ya samaki wakaazi ilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja, spishi zilikuwa chache, na baadhi ya samaki walikuwa wadogo kwa umbo. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba kwa jumla huduma ile huwapa wateja zaidi ya inachowapokonya.

Jawabu hilo, hata hivyo, hutegemea mahali na wakati. Katika Bahari ya Karibiani, ambako kazi hii hufanywa na wasafishaji wa jamii nyingine ya samaki, ilionekana kwamba manufaa kwa mteja yalitegemea wingi wa vimelea. Palipokuwa na vimelea wengi, mteja alifaidika. Palipokuwa na wachache, msafishaji alikula zaidi magamba na ute, na faida ya mteja ikapungua hadi kutoonekana. Samaki walikuwa walewale na tabia ilikuwa ileile, lakini idadi ya vimelea mwilini mwa mteja ilitosha kuusogeza uhusiano wao kutoka ufaidiano hadi karibu na ukupe.