Je, Wajua: Kwa Nini Nafasi ya Miadi Huonekana Wazi Kisha Ikakataa?

"Niliona saa 11:00 iko wazi kwenye ukurasa wa miadi wa kliniki. Nikabonyeza, nikaambiwa imeshachukuliwa. Mbona walinionyesha?"

Ulipofungua ukurasa, ilikuwa wazi kweli. Orodha ile hupigwa hesabu mara moja, pale seva inapoulizwa, na kwa kawaida hubaki vilevile mpaka ukurasa upakiwe upya. Ukitumia dakika tatu kujaza jina na namba ya simu, kuna wengine wenye orodha hiyohiyo mbele yao, na ombi linalotangulia kuandikwa kwenye hifadhidata ndilo linaloipata nafasi. Kukataliwa kunaudhi, lakini ndiko kunakozuia wagonjwa wawili wasikutane mlangoni kwa daktari mmoja. Na kwa mtengenezaji wa mfumo, kukataa kwa usahihi ni kazi ngumu kuliko kuonyesha orodha.

Orodha inavyopatikana

Chukua daktari anayefanya kazi kuanzia 08:00 hadi 13:00 na kupumzika 10:30 hadi 11:00. (Saa hapa zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye skrini: 08:00 ni saa mbili asubuhi.) Tayari ana miadi tatu: 08:30–09:00, 09:20–10:05 na 11:30–12:00. Mgonjwa mpya anahitaji dakika 30, na kliniki imeamua miadi zianze kila robo saa.

Programu hupanga vipindi vilivyoshikwa, mapumziko yakiwemo, kwa kufuata saa za kuanza. Kisha huweka alama kwenye 08:00 na kuanza kutembea. Kipindi cha kwanza kinaanza 08:30, kwa hiyo hapo katikati kuna pengo la dakika 30. Alama inarukia 09:00, kipindi hicho kinapoisha. Kinachofuata kinaanza 09:20: pengo la dakika 20, halitoshi. Alama inarukia 10:05, na mapumziko yanaanza 10:30: dakika 25, nazo hazitoshi. Baada ya mapumziko kuna 11:00–11:30, na mwishoni 12:00–13:00. Mgonjwa ataonyeshwa 08:00, 11:00, 12:00, 12:15 na 12:30.

Tazama dakika 20 na dakika 25 zilizopotea. Miadi ya dakika 45 iliyoanza 09:20 ndiyo iliyozikata vipande, na kwa kuwa 09:20 haimo kwenye robo saa, hapana shaka iliingizwa kwa mkono, tuseme na karani wa mapokezi aliyepigiwa simu. Ingeanza 09:00 ingeisha 09:45, na hapo mgonjwa wa dakika 30 angepata nafasi kabla ya mapumziko. Ndiyo maana ni vizuri ukurasa wa mapokezi nao ufuate hatua za robo saa, hata kama karani ana ruhusa ya kuzivunja panapo haja.

Kwenye kutembea huko kuna kosa moja linalojificha kwa muda mrefu. Tuseme daktari ana kikao kifupi 10:40–10:50, ndani ya mapumziko yake. Programu ikirusha alama hadi mwisho wa kila kipindi bila kuangalia, itatoka 11:00 na kurudi nyuma hadi 10:50, kisha itaona pengo la uongo la 10:50–11:30. Kliniki inayoanzisha miadi kila dakika 10 itampa mgonjwa 10:50, daktari akiwa bado mapumzikoni. Dawa yake ni ndogo: alama isogee hadi saa iliyo mbele zaidi kati ya pale ilipo na pale kipindi kinapoishia. Isirudi nyuma kamwe.

Lini miadi mbili zinagongana?

Wengi huanza kwa kuuliza: je, saa ya kuanza ya miadi mpya imo ndani ya miadi iliyopo? Swali hilo linaacha mwanya. Miadi mpya ya 09:00–10:30 inaimeza yote ile ya 09:20–10:05, lakini haianzii ndani yake, hivyo inapita. Kipimo kinachokamata kila hali ni hiki:

```
mwanzo_A < mwisho_B  na  mwanzo_B < mwisho_A
```

Alama ni `<`, si `<=`. Miadi inashika dakika yake ya kuanza lakini haishiki ile ya kuishia, hivyo 08:30–09:00 na 09:00–09:20 zinakaa bega kwa bega bila kugombana. Ukiweka `<=`, kila miadi itamfungia jirani yake, na utaijua kwa dalili moja: siku haijai hata wagonjwa wakiwa wengi. Kama daktari anahitaji dakika 5 za kusafisha chumba, zihesabu ndani ya muda unaohifadhiwa, kisha mwonyeshe mgonjwa muda wake wa kawaida tu.

Kukagua kwanza, kuandika baadaye

Sasa turudi kwenye 11:00 yako. Mifumo mingi huuliza hifadhidata, "Kuna miadi inayogongana na 11:00–11:30?" Ikijibiwa hapana, inaandika. Kati ya kuuliza na kuandika hupita sehemu ndogo ya sekunde, na humo ndimo ajali hutokea. Ombi lako linauliza, linajibiwa hapana. Kabla halijaandika, ombi la mwenzako nalo linauliza, nalo linajibiwa hapana. Yote mawili yanaandika. Hakuna aliyedanganywa, na bado daktari ana wagonjwa wawili saa 11:00.

Kufunga hatua hizo mbili ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri zinazokamilika zote au kufutwa zote, hakutoshi. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kiwango cha kawaida cha kutenganisha miamala ni `READ COMMITTED`, na humo ombi lako halioni kilichoandikwa na mwenzako mpaka muamala wake ukamilike. `SELECT ... FOR UPDATE` kwenye jedwali la miadi haisaidii pia, kwa sababu hufunga mistari iliyopo, na hapa unataka kulinda mstari ambao bado haujaandikwa. Unaweza kufunga mstari wa daktari mwenyewe ili maombi yake yapite moja moja; hilo hufanya kazi, mradi kila sehemu ya programu ikumbuke kufanya hivyo. Anayeandika ukurasa mpya wa karani akisahau, ulinzi umetoboka.

Kuna wanaotegemea kizuizi cha `UNIQUE`, kinachokataa thamani kujirudia, kwenye daktari na saa ya kuanza. Kinatosha tu pale miadi zote zina urefu mmoja na hatua isiyopungua urefu huo. Kwa daktari wetu, miadi mpya ya 09:30 ingepita bila shida, ilhali aliyeingia 09:20 yumo chumbani mpaka 10:05.

Kwa kazi hii PostgreSQL ina kizuizi kinachopima mgongano wenyewe. Safu ya `muda` iwe ya aina ya `tstzrange`, inayobeba mwanzo na mwisho pamoja:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS btree_gist;

ALTER TABLE miadi ADD CONSTRAINT miadi_zisigongane
  EXCLUDE USING gist (daktari_id WITH =, muda WITH &&)
  WHERE (hali <> 'imefutwa');
```

Maana yake: isiwepo mistari miwili yenye daktari mmoja na muda unaogongana, isipokuwa miadi iliyofutwa. Maombi mawili yakija kwa pamoja, la pili husubiri la kwanza liamuliwe. La kwanza likikamilika, la pili linarudishwa na kosa namba `23P01`. La kwanza likivunjika njiani, la pili linaingia. Ulinzi huu haujali ombi limetoka kwa mgonjwa, kwa karani au kwa programu nyingine iliyounganishwa baadaye, na hilo ndilo linalonifanya niupendekeze kuliko kufuli zinazoandikwa kwenye programu. Ukaguzi wa awali uubakize kwa ajili ya kuonyesha orodha tu.

Matundu ya kizuizi hiki

Kizuizi hupita bila neno pale thamani inapokosekana. `daktari_id` au `muda` vikiwa `NULL`, hakuna cha kulinganisha. `hali` ikiwa `NULL`, sharti la `WHERE` halitimii, na mstari wote unatoka nje ya ulinzi. Safu zote tatu ziwe `NOT NULL`. Kisha kuna muda mtupu: miadi inayoanza 11:00 na kuishia 11:00 haigongani na chochote, hivyo ongeza `CHECK (NOT isempty(muda))`. Kosa la namna hii hutokea urefu wa huduma unapoachwa sifuri kwenye mipangilio.

Ukiongeza kizuizi kwenye jedwali la zamani lenye miadi zinazogongana, amri itakataliwa. Zitafute kwanza kwa kulilinganisha jedwali na lenyewe, na mtu wa kliniki aamue nani abaki. Usifute kwa programu; nyuma ya kila mstari kuna mgonjwa anayeamini ana nafasi.

Mgonjwa akihamisha miadi kutoka 12:00 hadi 12:15, badilisha mstari uleule kwa `UPDATE` moja. Ukifuta kwanza kisha ukaandika upya katika miamala miwili, mwingine anaweza kuingia katikati, na mgonjwa akakosa ya zamani na mpya. Kizuizi hakilinganishi mstari na nafsi yake ya zamani, ila ukaguzi wa programu unaweza kufanya hivyo, ukamwambia mgonjwa kwamba anagongana na yeye mwenyewe. Kwenye ukaguzi huo, iondoe `id` ya miadi inayohamishwa.

Jaribio ni rahisi: tuma maombi 20 ya 11:00 kwa pamoja, kila moja kwa muunganisho wake. Lazima 1 likubaliwe na 19 yakataliwe. Yakikubaliwa mawili, kizuizi hakipo au kimetobolewa. Ukiyatuma moja baada ya jingine hujapima kitu.

Huenda aliyekutangulia ni wewe

Seva ikipata `23P01`, inafaa ipige hesabu upya na kumwonyesha mgonjwa nafasi zilizobaki, jina na simu yake zikiwa bado zimejazwa. Lakini kuna kukataliwa kwingine kunakofanana kabisa na huku. Mtandao uko taratibu, unabonyeza, hakuna kinachotokea, unabonyeza tena. Ombi la kwanza lilishafika na kuandikwa. Ni jibu lake lililochelewa. La pili linaikuta nafasi imeshikwa, nawe unaambiwa imechukuliwa, ilhali aliyeichukua ni wewe. Unachagua 12:00, na sasa una miadi mbili.

Kinga yake ni ukurasa kutengeneza namba ya kipekee fomu inapofunguliwa na kuituma kwa kila bonyezo. Namba hiyo iwekwe kwenye safu yenye `UNIQUE`. Seva ikipokea ombi, itafute kwanza namba hiyo. Ikiikuta, irudishe miadi ileile na ujumbe kwamba imekubaliwa. Ikipata `23P01`, au kosa la `UNIQUE` kwenye namba hiyo, iitafute tena kabla ya kujibu, kwa sababu mabonyezo mawili ya mtu mmoja nayo yanaweza kufika kwa pamoja.