Taa ya mlango au ya mkanda ikigoma kuzima: kagua haya kwanza

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja aliingia kwenye karakana ya chuo chetu huku vijana wawili wakilisukuma gari lake dogo la Kijapani. "Mwalimu, betri nimenunua juzi tu, na hii ni mara ya tatu linakufa." Tukaliamsha kwa betri ya kuazima. Kwenye dashibodi ikabaki taa moja nyekundu, ile yenye mchoro wa kigari kilichoachama milango. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema hiyo iko siku zote, ameshaizoea.

Mlango ambao gari linaamini uko wazi huwasha pia taa ya darini, kama swichi yake imewekwa kwenye DOOR. Yake ilikuwa na balbu ya wati 10. Kwa umeme wa volti 12 balbu hiyo inakula ampea 0.8 hivi. Usiku mmoja wa saa 12 inanyonya ampea-saa 10, na mizunguko ya siku ya kazi hurudisha sehemu kubwa ya kilichotoka. Lakini gari lake lilikuwa linalala nyuma ya nyumba tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60. Hapo hesabu inafika ampea-saa 50, na betri yake yote ilikuwa ya 35. Betri haikuwa na kosa. (Baadhi ya magari mapya huzima taa ya darini yenyewe baada ya muda, ndiyo maana si kila mtu hupatwa na hili.)

Kabla ya kushika spana, funga upya kila mlango, pamoja na buti, ambalo watu wengi hulisahau. Kitasa cha mlango kina hatua mbili. Mlio wa kwanza unauzuia mlango usifunguke, wa pili ndio unaoufunga kabisa, na taa husubiri ule wa pili. Mara nyingi nimekuta ncha ya mkanda wa nyuma imening'inia nje ya kiti na kubanwa mlangoni, au kapeti imejikunja pale chini. Mlango unaonekana umefungwa, kumbe umeishia mlio wa kwanza.

Kama yote yamefungwa na taa bado inawaka, tafuta swichi. Kwenye magari mengi ya zamani kidogo ni kidude chenye kofia ya raba nyeusi kilichofungwa kwa boliti moja kwenye nguzo ya mlango. Mlango ukifunguka, kidude kinachomoza na kuunganisha waya mmoja na bodi ya gari, yaani ethi, na taa inawaka. Mlango ukifungwa unakisukuma ndani, muunganiko unakatika. Kwa hiyo taa isiyozima ina maana kuna mahali waya huo bado unagusa bodi.

Nilichomwonyesha yule mama ni hiki. Fungua mlango mmoja tu, mingine ibaki imefungwa, kisha sukuma kidude kwa kidole hadi mwisho. Kidole kinafika mbali kuliko mlango unavyofika. Ukiona taa imezima, umeshapata mlango wenye matatizo. Milango mitatu haikubadilisha kitu. Wa nyuma kushoto, kidole kilipozama tu, taa ikazima. Kuangalia vizuri, kofia ya raba ilikuwa imelika kichwani hadi imetoboka, na unene uliopotea, milimita chache tu, ndio uliofanya mlango usiweze kumalizia kusukuma. Tulibandika kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mlango, pale pale kinapogusa swichi, ili afike nyumbani. Wiki iliyofuata akaweka swichi nyingine. Kipande hicho kisiwe kinene, maana mlango utakataa kufunga au swichi itavunjika.

Kidole kisipozima taa kwenye mlango wowote, fungua boliti za swichi moja baada ya nyingine, mara nyingi ni spana namba 10, na uchomoe waya. Taa ikizima ulipochomoa, swichi hiyo imeshika kutu au vumbi ndani. Ukimaliza kuchomoa zote na taa haijazima, waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi. Hiyo ni kazi ya fundi umeme. Angalizo moja: ukishachomoa, ubane waya kwa kibanio cha nguo. Ukitumbukia ndani ya nguzo, kuuvua ni kazi ya nusu siku.

Kama hakuna kidude kwenye nguzo, basi swichi iko ndani ya kitasa chenyewe. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi hadi milio miwili, uangalie dashibodi. Ikisitasita kuzima, pulizia kitasa dawa ya kusafishia kontakti, rudia kufunga na kufungua mara kadhaa. Kabla ya kufunga mlango, vuta mkono wa mlango ili ulimi urudi. Ukisahau, utaubamiza mlango wakati kitasa kimekwisha kujifunga.

Sasa taa ya mkanda. Ya dereva chanzo chake kwa kawaida kiko ndani ya kile kichomekeo chenye kitufe chekundu. Washa swichi bila kupiga stata, chomeka mkanda, kisha tikisa ulimi wake taratibu. Taa ikicheza, waka zima, waka zima, kontakti za ndani zimechafuka. Mulika kwa tochi: nimeshatoa humo sarafu, punje za bisi, na soda iliyoganda kama gundi. Puliza kwa hewa kavu. Usitie mafuta wala grisi, hushika vumbi na mwezi ujao tatizo litakuwa kubwa zaidi. Kichomekeo ambacho mkanda unachomoka ukiuvuta kwa nguvu hakisafishwi, kinabadilishwa.

Kiti cha abiria kina mambo yake. Chini ya kitambaa kuna kihisio cha uzito, na mfuko wa unga au begi la kompyuta linatosha kukidanganya. Ondoa kila kitu. Taa ikiendelea kiti kikiwa kitupu, chomeka mkanda. Ikizima, kichomekeo ni kizima na tatizo ni kihisio. Uliza kama viti vimeoshwa karibuni, maana sponji yenye maji huwa inafanya hivi hadi ikauke. Isipozima hata mkanda ukiwa umechomekwa, angalia kichomekeo, kisha soketi iliyo chini ya kiti, ambayo chupa za maji na miguu ya abiria wa nyuma huilegeza.

Madukani kuna kijichuma cha kuchomeka pasipo na mkanda ili mlio ukome. Kwenye magari mengi kompyuta ya mifuko ya hewa husoma kichomekeo hicho hicho ili kuamua mfuko ufumuke vipi. Kwa kijichuma hicho unaiambia dereva amefunga mkanda wakati hajafunga.

Chini ya kiti utaona pia soketi za rangi ya njano. Hizo ni za mifuko ya hewa na za baruti ndogo inayokaza mkanda wakati wa ajali. Usizichomoe wala kuzipima kwa taa ya majaribio, hata kama unajiona umebobea. Na kama pamoja na taa ya mkanda inawaka ile ya mifuko ya hewa, yenye mchoro wa mtu aliyekaa mbele ya mpira wa duara, ishia hapo, peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kusoma makosa. Naye atatoa waya hasi wa betri na kusubiri kwanza kabla ya kugusa njano yoyote.