Namna ya kumwombea mgeni picha bomani

Wanaoanza kazi ya kuongoza watalii huniuliza mara kwa mara: mgeni akitaka kumpiga picha mtu bomani, nimwambieje huyo mtu? Wengi wamezoea kusema "Mama, mgeni anataka picha," kisha kamera inainuliwa kabla mama hajajibu. Nimefanya kazi ya kuongoza na kutafsiri kwenye maboma ya Wamaasai kati ya Mto wa Mbu na Ngorongoro, na ninaamini ombi la namna hiyo si ombi. Ni taarifa. Anayeambiwa hivyo hajaelezwa lolote la kumsaidia kuamua, wala hakuachiwa nafasi ya kukataa.

Kazi inaanzia kwenye kiingilio, kabla ya picha yoyote. Kiingilio cha boma kwa kawaida mnakilipa mkifika, kwa mwenyekiti wa boma au kijana aliyepewa kazi hiyo. Wageni wengi huamini kwamba kwa pesa ile wameshanunua kila picha. Muulize mwenyekiti waziwazi, mgeni akiwa pembeni yako: kiingilio hiki kinahusu picha gani? Jibu nililozoea kupewa ni kwamba ngoma ya kukaribisha, kuruka kwa morani, nyumba kwa nje na uwanja wa shanga ni ruhusa. Uso wa mtu mmoja kwa karibu, ndani ya nyumba, na watoto ni habari nyingine. Mtafsirie mgeni jibu hilo hapohapo, maana akishaanza kuzunguka na simu mkononi hakusikilizi tena.

Mgeni naye ana maswali mawili ya kujibu kabla hujamwombea chochote. Anataka nini kwenye picha: uso, mikono, nguo au nyumba? Na picha itakwenda wapi? Picha itakayobaki kwenye simu yake si sawa na ya Instagramu, na ya Instagramu si sawa na ya tovuti ya kampuni au ya kuuzwa. Ukitafsiri kabla ya kuyajua haya, unamwombea mtu ruhusa ya kitu usichokijua.

Chukua mfano wa aina ninayokutana nayo. Mgeni kutoka Uholanzi ana kamera yenye lenzi ndefu. Mama mtu mzima ameketi kivulini mbele ya nyumba yake, anatunga shanga kwenye waya. Mgeni ananiambia: "Mwambie ni mzuri sana, nataka picha yake, haichukui hata sekunde." Namuuliza yale mawili. Anasema anapenda uso na mikono, na picha ataiweka Instagramu. Namwomba ashushe kamera, tunasogea pamoja, tunasalimia. Kwa mwanamke ni "Takwenya," naye hujibu "Iko." Kwa mzee unaweza pia kutoa shikamoo kama Kiswahili ndiyo lugha yenu. Tunakaa kidogo, tunauliza habari za nyumbani na za mvua. Ndipo nasema, nikimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai:

"Yeyo, huyu mgeni ametoka Uholanzi. Amependa kazi yako ya shanga. Anaomba ruhusa yako akupige picha, mikono yako ikitunga, na uso pia kama utaona sawa. Picha hiyo ataiweka kwenye mtandao, na watu wa nchi nyingine wataiona. Ikishafika huko, hataweza kuirudisha yote. Ukikubali, sawa. Ukikataa, sawa pia, na tutaendelea kuzungumza vilevile."

Baada ya hapo nanyamaza. Huu unyamavu ndio unaowashinda wengi, kwa sababu mgeni anakutazama na wewe unataka kumfurahisha, basi unaongeza "Ni picha moja tu, mama." Ukiongeza hivyo umeanza kumbembeleza.

Siku ya mfano huu mama anajibu: "Mikono, sawa. Uso, hapana." Mgeni namwambia hivyohivyo: amekubali mikono, uso amekataa. Simwambii kwamba mama ana aibu. Nikisema ana aibu, mgeni atatabasamu na kuendelea kumwomba, akidhani anamsaidia kuishinda aibu yake. Mama hakusema ana aibu. Alisema hapana, na tafsiri yangu haina haki ya kuilainisha.

Si kila kukataa kunakuja na neno hapana. Mtu mwenye heshima kwa wageni atakwambia "baadaye," au "muulizeni mzee," au "leo sijajiandaa." Mwingine atasema "haya" kwa sauti ya chini huku akivuta shuka usoni, au atageukia kazi yake na kukupa bega. Yote haya nayahesabu kuwa kukataa, na namwambia mgeni kwamba hakupata ruhusa. Mtu akikubali kweli, utamwona: atajiweka sawa, atapanga shanga shingoni, au ataita mwenzake waje wapigwe pamoja.

Kuna ugumu mwingine pale Kiswahili kinapokuwa hakimtoshi unayemwomba. Wazee wengi, hasa akina mama, wanazungumza Kimaasai, na wewe unapitia kwa kijana wa boma. Kijana huyo ana shughuli zake, na huenda anataka ziara iishe mapema mwende kwenye meza za shanga. Dalili ya kwanza ni urefu: maneno yako yote kuhusu mtandao na kukataa yanatoka kwa Kimaasai yakiwa mawili matatu, na mama anaitikia mara moja. Mwulize kijana kwa upole: "Umemwambia picha itakwenda wapi?" Kama hakusema, mrudie taratibu, sentensi mojamoja. Ukiweza, tumia mwanamke kumwombea mwanamke. Ruhusa anayoitoa mama mbele ya binti yake mara nyingi ina masharti ambayo asingeyataja mbele ya kijana.

Nyumba nayo ina mwenyewe. Kwa Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke na ni yake, kwa hiyo mwenyekiti kuwaambia "ingieni, pigeni tu" hakutoshi. Piga hodi, mwombe mwenye nyumba kuingia, kisha omba picha kama ombi la pili. Mle ndani kuna giza, moshi wa jiko na kitanda cha familia. Mwambie mgeni azime flashi kabla ya kuinama mlangoni, kwa sababu simu nyingi huwaka zenyewe gizani, na mwanga huo unampata mtoto aliyelala au bibi mwenye macho mabovu.

Kuhusu watoto nina msimamo mkali. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamhesabu mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa picha ya mtoto natafuta mzazi au mlezi, na baada yake namuuliza mtoto mwenyewe, maana mtoto aliyekimbilia nyuma ya mama yake ameshajibu. Maboma mengine huwapeleka wageni kwenye chekechea, ambako watoto huimba na kutaja namba ubaoni. Hapo nawaomba wageni kamera zibaki mfukoni. Mwalimu si mzazi wa watoto wale, na wazazi hawapo. Vilevile sisimamishi gari kwa wavulana wenye nguo nyeusi na uso uliopakwa rangi nyeupe wanaosimama kando ya barabara kusubiri kupigwa picha kwa malipo. Wale wako kwenye kipindi cha baada ya tohara, na barabara yenyewe ina magari ya kasi. Najua wapo wenzangu wanaosimama kwa sababu vijana hupata kipato. Mimi nasema kipato hicho kinawavuta zaidi kwenye lami.

Mtu mzima akiomba malipo kwa picha, tafsiri kiasi alichotaja kama kilivyo, na uulize kama ni kwa picha moja au kwa zote. Usiite zawadi wala mchango. Bei ikubaliwe kabla lenzi haijainuliwa. Ombi la picha nalo litangulie manunuzi. Mgeni akishanunua kikuku cha mama ndipo aombe kumpiga picha, mama ataona vigumu kukataa aliyemlipa sasa hivi.

Utakutana pia na maneno ya mgeni yasiyofaa kufika kwa mwenyeji jinsi yalivyo. "Muulize ana ng'ombe wangapi" ni mojawapo. Wamaasai hawapendi kuhesabu hadharani mifugo wala watoto, na swali hilo ni sawa na kumuuliza mgeni mwenyewe ana shilingi ngapi benki. Sibadilishi swali kimyakimya, kwa sababu wote wawili wananiamini. Namgeukia mgeni, namweleza, na namwomba aulize vingine, kwa mfano mifugo inalishwa wapi wakati wa kiangazi. Akiuliza kama hawa ni "Wamaasai wa kweli" nafanya hivyohivyo.

Picha za biashara zinahitaji karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazigusa kampuni zinazotumia picha ya mtu anayetambulika, na aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa. Fomu ya kurasa tatu za Kiingereza haimsaidii mama asiyesoma. Ninayoitumia ni fupi:

"Mimi ______ nimeelezwa kwa lugha ninayoielewa kwamba picha yangu iliyopigwa leo itatumiwa na ______ kwenye ______ kwa muda wa ______. Nimekubaliana malipo ya shilingi ______. Naweza kuomba iondolewe wakati wowote kwa kupiga simu namba ______. Nimebakiziwa nakala ya karatasi hii."

Isomwe kwa sauti kwa Kimaasai mbele ya mtu mwingine wa boma anayeaminiwa na mama huyo, na onyesheni picha yenyewe kwenye kioo cha kamera kabla ya sahihi au dole gumba. Mara kadhaa mtu hubadilisha mawazo hapohapo akijiona. Picha hiyo inafutwa mbele yake, na kwenye simu ifutwe pia kwenye folda ya vilivyofutwa, kwa sababu vijana wa boma wana simu na wanajua inabaki humo.

Jambo la mwisho ni ahadi. Mgeni akifurahi husema, "Mwambie nitamtumia hii picha." Usikimbilie kutafsiri. Mama ataichukua kama ahadi, na mwongozaji atakayerudi pale mwezi ujao ndiye atakayeulizwa. Mwombe mgeni akutumie picha kwa wasapu mkiwa bado bomani au mtandao ukipatikana njiani, uichapishe Mto wa Mbu au Karatu, uipeleke safari ijayo. Akishaituma, ndipo mwambie mama kwamba picha yake itakuja.