Provisheni ya waranti: deni linalozaliwa siku ya kuuza

Kila pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, inayotoka kwenye duka moja ninaloliandikia hesabu pale Mwanjelwa, Mbeya, hutoka na kadi ngumu ya njano. Juu yake pana namba ya injini, tarehe ya kuuziwa, mhuri wa duka, na sentensi moja: injini na giaboksi zina waranti ya miezi kumi na miwili. Mteja huikunja, huitia kwenye mfuko wa shati na kuondoka nayo kuelekea Mbarali. Kihasibu, kadi ile ni deni. Watu wengi hawalioni kwa sababu halina jina la mdai wala kiasi, lakini lipo tangu mhuri ulipogongwa.

Deni la namna hii, ambalo ni la kweli ila hujui litadaiwa lini wala litafika kiasi gani, ndilo wahasibu huliita provisheni. Ya waranti ni makadirio ya gharama za kutengeneza au kubadilisha bidhaa ulizokwisha kuuza, yakiandikwa kwenye vitabu katika kipindi kilekile mauzo yalipoandikwa. Kiwango cha kimataifa kinachotawala jambo hili ni IAS 37, na kampuni ndogo zinazofuata kiwango chao mahususi zinakuta kanuni ileile.

Mwenye duka, mama wa makamo aliyeanza kwa kuuza vipuri vya baiskeli, alinibana siku ya kwanza nilipomwonyesha. "Mwanangu, mashine haijaharibika, mkulima hajaja kulalamika. Hili deni unamwandikia nani?"

Swali lake lina haki ya kujibiwa. Ukiichukua pawatila moja peke yake, uwezekano mkubwa ni kwamba haitaharibika ndani ya mwaka. Lakini dukani haikuuzwa moja, ziliuzwa 60, na kwa mashine 60 karibu ni hakika kwamba chache zitarudi. Ndiyo maana mauzo yenye waranti huangaliwa kama kundi, hayaangaliwi kadi kwa kadi. Pia kinachomfunga muuzaji si kuharibika kwa mashine. Kinachomfunga ni kuiuza akiwa ameahidi. Giaboksi ikifa Februari, hapo hadaiwi jambo jipya, anadaiwa alichoahidi Desemba.

Kwa Nyanda za Juu Kusini hilo la tarehe lina uzito wa pekee. Pawatila hununuliwa Novemba na Desemba, wakulima wa mpunga wakijiandaa na mvua. Kazi ngumu ya kuchabanga majaruba, yaani kuvuruga tope la shamba la mpunga, huja baada ya hapo, na mashine huanza kulia kati ya Januari na Machi. Duka linafunga hesabu tarehe 31 Desemba. Ukisubiri lalamiko ndipo uandike, mauzo yote yanakaa mwaka huu na maumivu yote yanahamia mwaka ujao. Mwaka wa kwanza unaonekana mnono, wa pili umekonda, na hakuna hata mmoja unaosema kweli.

Tuone namba zake. Msimu ule duka liliuza pawatila 60 kwa shilingi 7,500,000 kila moja, na baada ya gharama ya ununuzi kila moja iliacha 900,000. Hiyo ni faida ghafi ya 54,000,000. Tuliketi na daftari la fundi la misimu mitatu iliyotangulia, lile lenye madoa ya oili kila ukurasa, tukahesabu. Katika kila mashine 100, kama 80 hazikurudi kabisa. Kama 15 zilirudi na kasoro ndogo, mara nyingi oili sili inayovuja au nozeli, na matengenezo yake yalikuwa wastani wa 120,000. Tano zilirudi na giaboksi, na hiyo ilikula wastani wa 1,400,000 kwa vipuri, nauli na siku za fundi.

Kwa mashine 60, basi, tunategemea 9 zenye kasoro ndogo, yaani 1,080,000, na 3 za giaboksi, yaani 4,200,000. Jumla ni 5,280,000, sawa na 88,000 kwa kila pawatila. Angalia kwamba hakuna mashine hata moja itakayogharimu 88,000. Ni wastani wa zile zisizogharimu kitu na zile zinazogharimu sana, na kwa kundi kubwa wastani huo ndio makadirio bora. Kama ungekuwa umeuza mashine moja tu kubwa ya kukoboa mpunga, hesabu ya wastani ingekuwa na maana ndogo. Hapo ungeanza na tokeo lenye uwezekano mkubwa zaidi, kisha ungetazama kama matokeo mengine yanakuvuta juu au chini.

Ingizo lenyewe ni fupi. Unadebiti gharama ya waranti 5,280,000 na kukrediti provisheni ya waranti 5,280,000. Upande wa kwanza unaingia kwenye hesabu ya faida na hasara, na ile 54,000,000 inashuka hadi 48,720,000. Upande wa pili unakaa kwenye mizania kati ya madeni.

Mama aliitazama karatasi, akauliza, "Sasa hiyo milioni tano umeiweka wapi?"

Sijaiweka popote. Hapa lugha yenyewe hutuponza, maana tumezoea kusema "tumetenga", na mtu akisikia kutenga anaona bahasha kabatini au akaunti ya pembeni benki. Provisheni haigusi fedha. Inachofanya ni kuzuia kiasi hicho kisiitwe faida, na kwa kuwa si faida, mwenye duka hatajigawia. Alikuwa amepanga kutoa faida yote ya msimu mwezi Januari alipie kiwanja Uyole. Kama anataka na noti za kulipia vipuri ziwepo Februari, huo ni uamuzi mwingine wa kuendesha duka, na kitabu hakimfanyii.

Februari simu ikapigwa kutoka Ubaruku. Pawatila imekwama katikati ya jaruba, gia haziingii. Fundi akapanda basi hadi Rujewa, akamalizia kwa bodaboda na boksi la vipuri mapajani. Vipuri vilitoka stoo vyenye thamani ya 1,150,000. Nauli, chakula na malipo yake yakawa 190,000. Jumla 1,340,000. Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri waliyoifanya Desemba: wanaiandika tena kama gharama. Ukifanya hivyo umeihesabu mara mbili. Unachodebiti ni provisheni, kisha unakrediti stoo 1,150,000 na fedha taslimu 190,000. Deni limepungua, faida ya Februari haijaguswa.

Hadi mwisho wa mwaka huo mashine 12 zilikuwa zimerudi na kasoro ndogo, zikala 1,390,000, na giaboksi mbili zikala 2,750,000. Jumla 4,140,000. Kwenye provisheni imebaki 1,140,000, na kadi zote za msimu ule zimefika ukingoni. Deni limekufa, kwa hiyo baki inarudishwa: debiti provisheni, krediti gharama ya waranti ya mwaka huu. Huna haja ya kurudi nyuma kusahihisha hesabu za mwaka uliopita, kwa sababu makadirio yalifanywa kwa haki kwa taarifa zilizokuwepo. Makadirio kupishana na ukweli si kosa.

Kosa ni kupishana upande uleule kila mwaka. Nikikuta duka ambalo kila Desemba linarudisha nusu ya provisheni, najua kuna mtu anaongeza chumvi: mwaka wa neema anaficha faida humo, mwaka wa njaa anaichomoa. Kiwango kinakataza. Provisheni hubeba makadirio bora tu, na hutumika kwa jambo lililoandikiwa peke yake. Huwezi kulipia bati la duka lililong'olewa na upepo kwa provisheni ya waranti.

Daftari la fundi nalo lina kikomo. Linakuambia habari za mashine zilizopita. Msimu uliofuata muagizaji alileta toleo jipya lenye giaboksi ya kiwanda kingine, na ile tano kwa mia ikawa haina mguu wa kusimamia. Tulichukua kiwango cha zamani kama kianzio tu. Tulipofunga hesabu, mashine mpya nne kati ya 40 zilikuwa zimekwisha kurudi kabla hata kuchabanga hakujapamba moto, tukapandisha makadirio. Malalamiko yanayoingia baada ya tarehe 31 Desemba, hesabu zikiwa bado hazijaidhinishwa, nayo husomwa, kwa sababu yanaonyesha hali iliyokuwepo siku ya kufunga.

Jambo lililonichukua muda kulitambua halikuwa kwenye kadi. Kadi inasema miezi 12, lakini mama huyu hutengeneza bure hata mwezi wa kumi na nne mteja akija kwa upole, na wakulima wa Mbarali wote wanajua. Desturi inayojulikana hivyo, ambayo wateja wameitegemea, humfunga muuzaji sawasawa na maandishi. Tukaongeza miezi miwili kwenye hesabu. Kinyume chake, pawatila iliyoungua injini kwa kukosa oili haimo, kadi inaitoa waziwazi, na fundi huandika "oili kavu" kwenye kadi ya kazi kabla ya kufungua boliti ya pili.

Muagizaji wa Dar es Salaam huwa anarudisha bei ya giaboksi mbovu. Je, tuikate moja kwa moja kwenye deni? Hapana. Mkulima anamdai mama, hamdai muagizaji. Deni linabaki zima kwenye mizania, na marejesho huandikwa kando kama mali, pale tu inapokuwa karibu hakika kwamba yatalipwa, na yasizidi deni lenyewe. Kwenye faida na hasara, ukipenda, unaweza kuonyesha gharama ikiwa imeshapunguzwa marejesho hayo.

Na kuna wateja wanaolipia mwaka wa pili wa waranti kwa fedha ya ziada. Hiyo si provisheni kabisa. Ni huduma iliyouzwa, na pesa yake ni mapato yanayosubiri, yanayoingia kidogo kidogo kadiri mwaka huo wa pili unavyokwenda.

Kilichobaki ni kodi. Kwenye hesabu ya kodi ya mapato, makadirio haya hayakatwi. Ile 5,280,000 nairudisha juu ya faida ninapotayarisha ritani, kisha mwaka unaofuata nakata kile kilichotumika kweli, chenye risiti ya kipuri na kadi ya kazi ya fundi. Za nauli ya bodaboda Ubaruku ndizo zinazonisumbua. Mama sasa amempa fundi kitabu cha vocha, na dereva wa pikipiki husaini.