Kwa nini jina humzuia wakala asikimbie na mali?

"Ikiwa hesabu zinaonyesha kwamba anayemdhulumu mwenzake ndiye apataye zaidi, mbona wafanyabiashara hupeana mali kauli na wakalipana?"

Hulipana kwa sababu hesabu hizo ni za siku moja, ilhali biashara haina siku ya mwisho inayojulikana, na kwa sababu habari za mdhulumaji huwafikia wengine kabla yeye mwenyewe hajawafikia.

Hesabu zenyewe zilianza mwaka 1950, pale Merrill Flood na Melvin Dresher wa taasisi ya RAND nchini Marekani walipobuni mchezo ambao mwanahisabati Albert Tucker aliuvika hadithi ya mahabusu wawili wanaohojiwa katika vyumba tofauti, nao ukaitwa mtanziko wa wafungwa. Tuuhamishie sokoni. Wawili wakitimiza ahadi, kila mmoja anapata faida ya 3. Mmoja akidhulumu na mwenzake akawa mwaminifu, mdhulumaji anapata 5 na mwaminifu anaambulia 0. Wote wakidhulumu, kila mmoja anapata 1. Mwenzako akiwa mwaminifu, dhuluma inakupa 5 badala ya 3; akiwa mdhulumaji, inakupa 1 badala ya 0. Hivyo wote wawili huishia kwenye 1, ingawa 3 ilikuwa mikononi mwao.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kinachoondoa mtanziko huu ni kurudia tu: watu wakikutana mara nyingi, wataaminiana. Nilikosea, na kosa hilo linastahili kufuatiliwa hatua kwa hatua. Chukua wawili waliokubaliana kufanya biashara mara 10 kamili. Katika mara ya kumi hakuna kesho ya kuogopa, kwa hiyo kila mmoja atadhulumu kama katika mchezo wa siku moja. Ikiwa mwisho umekwisha kuamuliwa, uaminifu wa mara ya tisa haununui chochote, kwa hiyo nayo inaharibika. Kisha ya nane, kisha ya saba, mpaka ya kwanza. Ni kama mkeka ambao uzi wake haukufungwa fundo mwishoni: ukivuta kipande cha ukingoni, mshono mzima unafumuka kuelekea katikati. Hata mara 1,000 zingefumuka vivyo hivyo. Ili niwatendee watu haki, niongeze kwamba katika majaribio wengi hushirikiana hadi karibu na mwisho, kwa hiyo hoja hii inawahusu wapiga hesabu wakamilifu kuliko watu wa kawaida.

Fundo linalozuia mkeka usifumuke ni kutojua mwisho. Tuseme kila baada ya biashara moja kuna uwezekano wa 9 kwa 10 kwamba itafuata nyingine. Kwa wastani watakutana mara 10, na mwaminifu anayeshughulika na mwaminifu atavuna 30. Akidhulumu siku ya kwanza atapata 5, lakini mwenzake hatamwamini tena, na mara 9 zilizosalia zitampa 1 kila moja, jumla 14. Uwezekano ukishuka hadi nusu, wastani ni mara 2: uaminifu unaleta 6, na dhuluma nayo 6. Chini ya hapo dhuluma inalipa.

Je, wawili ambao huenda wasikutane tena? Hapo ndipo jina linapofanya kazi, kwa kuwa wanaokuja baadaye huchukua nafasi ya yule aliyedhulumiwa. Mwanauchumi Avner Greif aliuona utaratibu huu katika barua za wafanyabiashara Wayahudi wa Kimaghribi, yaani wa Afrika Kaskazini, wa karne ya 11, zilizohifadhiwa katika sinagogi la Fustat, Misri. Takriban mwaka 1055, wakala wa Yerusalemu aliyeitwa Abun ben Zedaka alituhumiwa kula fedha za mmoja wao. Kwa maelezo ya Greif, wenzake walisitisha biashara naye, hata walioko Sisilia, mpaka alipofikia suluhu na kulipa.

Kinachonivutia zaidi ni swali la kwa nini mtu wa Sisilia, ambaye hakuibiwa kitu, aliingia katika mgomo huo. Greif anajibu kwamba wakala aliyekwisha kukataliwa na wengine hana ajira ya kesho ya kupoteza, kwa hiyo kumfanya awe mwaminifu kunahitaji ujira mkubwa kuliko wa wakala mwenye jina safi. Kumwepuka, basi, ni suala la gharama zaidi ya huruma kwa aliyeibiwa. Utaratibu huo unadai barua ziwe nyingi na za kweli, maana uvumi wa uongo ungemwangusha mtu mwaminifu kwa urahisi uleule.

Jeremy Edwards na Sheilagh Ogilvie waliupinga usomaji huu mwaka 2012, wakionyesha kwamba wafanyabiashara hao walitumia pia mahakama kudai haki zao. Naona pingamizi hilo lina uzito: palipo na kadhi na jina kwa pamoja, barua chache hazitoshi kupima ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomrudisha Abun kwenye suluhu.