Koboko mwenye undu wa jogoo: kagua picha kwanza, jina baadaye

Umetumiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa picha ya nyoka mweusi aliyejikunja kichakani, kichwani ana undu mwekundu kama wa jogoo. Maelezo yanasema ni koboko, ameonekana Pugu. Kabla ya kubishana ni koboko au swila, chunguza kama nyoka huyo yupo.

Kuza picha mahali undu unapogusana na kichwa. Undu wa jogoo ni nyama, ilhali kichwa cha koboko kimefunikwa kwa magamba mapana yaliyokaa kama vigae. Hakuna nyoka anayeota undu wa nyama. Kama umebandikwa, mara nyingi ukingo wake huwa na ukungu au mstari mkali kupita kiasi, na kivuli chake hakianguki upande mmoja na vivuli vya majani.

Kama picha nzima imetengenezwa na kompyuta, hutaona kiungo, kwa hiyo shuka tumboni. Chini ya tumbo, koboko ana magamba mapana yaliyopangwa safu moja, kila moja likivuka tumbo kutoka upande hadi upande. Kompyuta hukosea hapo: safu hugawanyika ghafla au magamba madogo ya mgongoni huendelea hadi chini. Kisha fuata mwili kwa kidole kuanzia kichwani. Mkunjo ukiyeyuka ndani ya mwingine, au ukafika kwenye mkia wa pili, umepata jibu.

Rangi nayo isikudanganye. Koboko halisi huwa wa kijivu au kahawia. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Mwili mweusi tii huweza kuwa kazi ya kichujio cha simu. Tazama vitu unavyovijua rangi zake: kama majani yamekuwa karibu meusi na mchanga umegeuka wa bluu, rangi ya nyoka haifai kuwa ushahidi.

Usihukumu picha kwa kukosa tarehe na mahali ilipopigwa. WhatsApp huziondoa taarifa hizo inapobana picha. Mwombe mpigaji aitume faili halisi kama hati. Kisha kata picha vipande viwili, mwili peke yake na undu peke yake, utafute kila kimoja kwa Google Lens. Picha iliyounganishwa mara nyingi hujifichua hapo: mwili unatokea kwenye picha ya zamani, bila undu.

Lakini ajabu peke yake si kosa. Milima ya Usambara ina kifutu mdogo wa mitini mwenye vipembe vya magamba juu ya macho, na ni wa kweli. Nyoka anayejivua gamba pia huweza kubaki na kipande kikavu kimesimama kichwani. Tofauti ni kwamba pembe hizo ni magamba yenyewe yaliyorefuka, na gamba kuukuu huwa jembamba, linapitisha mwanga.

Ukipata picha ya awali isiyo na undu, hiyo ndiyo ya kutafutia jina. Usipoipata, andika kundini "picha imehaririwa, aina haitambuliki", usiandike "koboko".