Kubana nywele na kubadili shati kwenye picha ya robo tatu

Uso ukitazama kamera moja kwa moja, kubadili nywele na nguo kwa Photoshop ni kazi ya ukingo tu. Masikio yamejikunja pembeni, shingo iko katikati, kola inalingana kulia na kushoto. Mtu akigeuka nusu ya njia kuelekea ubavuni, yaani robo tatu, vitu vitatu hujitokeza kwa pamoja: sikio zima, mstari wa nywele kutoka panjani hadi kisogoni, na shingo ambayo kumbe haikusimama wima, imeinamia mbele. Nywele na nguo zote zinashikilia hapo. Pakikosewa hapo, kazi itaonekana imebandikwa hata kama kila unywele umekatwa vizuri.

Nichukue kazi moja. Picha ina urefu wa pikseli 4000 hivi. Dada ameugeuzia uso upande wa kushoto wa picha kwa digrii 45, lakini kifua chake kinakaribia kuielekea kamera. Mwanga unatoka kushoto, kwa hiyo shavu la mbali ndilo linalong'aa, na upande wa sikio ulio karibu nasi uko kivulini. Nywele ndefu zimeshuka zikafunika sikio na shingo, na amevaa fulana nyeusi. Anataka nywele zibanwe nyuma na avae shati jeupe la kola.

Wengi huanza na nywele. Mimi huanza na sikio, kwa sababu ndilo linaloniambia nywele zipite wapi na shingo ianzie wapi. Kichwa kikiwa sawa, ncha ya juu ya sikio hulingana na nyusi, na ncha ya chini hulingana na chini ya pua. Kwenye leya tupu, tabaka linalokaa juu ya picha, ninachora mistari miwili inayofuata mwinamo wa macho yake, si ulalo wa picha. Akiinamisha kichwa, sikio hupanda ukililinganisha na uso, akikiinua, hushuka. Nafasi kati ya kona ya jicho na sikio ni pana kwa mtu aliyepigwa ubavuni kabisa, na hupungua kadiri anavyorudi kuitazama kamera. Ukilisogeza sikio mbele kidogo tu, kichwa kinakuwa chembamba na mteja atakwambia "sifanani," bila kujua kwa nini.

Sikio lenyewe sipendi kulichora. Ninalitafuta kwenye picha nyingine za siku hiyohiyo. Hapa zilikuwapo mbili zilizofaa kufikiriwa. Katika ya kwanza alikuwa amegeukia kulia na sikio lilionekana vizuri sana, nikavutiwa kuligeuza. Lakini mwanga ulibaki kushoto, kwa hiyo sikio lile lilikuwa limeangazwa kikamilifu; likigeuzwa, mwanga wake unatoka kulia. Kulipunguzia mng'ao hakusaidii, maana vivuli vya ndani ya mikunjo vinaanguka upande usio wake. Nikachukua ya pili: anatazama kushoto, nywele kazisukuma nyuma kwa mkono, kichwa kimeinama kidogo zaidi. Sikio hilo lilihitaji kuzungushwa digrii chache na kurekebishwa kidogo kwa Warp, zana ya kupinda umbo. Nilikata pamoja na ngozi ya mbele yake, palipo na sharafa, kwa sababu maungio mazuri hukaa kwenye ngozi tambarare ya shavu, kamwe si kwenye ukingo wa sikio.

Kisha shingo. Kutoka nyuma ya sikio kuna msuli unaoshuka kwa mshazari hadi kwenye kishimo kilicho kati ya mitulinga. Mtu akigeuza uso msuli huo hutokeza, na hapa ndio ulioigawa shingo: mbele yake pana nuru kidogo, nyuma yake pana giza. Nilijaza ngozi iliyofichwa na nywele kwa kunakili kutoka mbele ya shingo. Ngozi ya shavu haifai, rangi na mng'ao wake ni tofauti. Kabla ya kuendelea nilihakikisha mstari wa nyuma ya shingo unaelekea mbele kadiri unavyopanda kutoka begani. Ukisimama wima, mtu anaonekana amekakamaa.

Sasa nywele zina pa kwenda. Panjani zinavutwa kwenda nyuma, zinapinda juu ya sikio, na zile za chini ya sikio zinapanda kuelekea fundo. Mstari wa nywele hauna ukingo mkali: mwanzoni kuna vinyweleo laini vya malaika tu, kisha nywele chache zinazoonyesha ngozi, kisha weusi kamili. Kwenye picha hii mpito huo ulikuwa na upana wa pikseli 40 hivi. Nilianza na rangi ya msingi kwa brashi laini, nikaweka mafungu ya nywele, mwishowe nywele moja moja kwa brashi ya pikseli 1 au 2, nyingine zikikatiza nyingine. Zote zikilala sambamba zinageuka kuwa wigi. Kwa nywele za kipilipili, mistari mirefu haifai hata kidogo. Mpito hujengwa kwa vijiduara na nukta, na ni heri kunakili kipande cha nywele zake mwenyewe. Usisahau kivuli chembamba nyuma ya sikio, maana sikio halikubandikwa kwenye fuvu, limeinuka.

Shati ndilo huwaponza hata mafundi wazoefu. Kola hufuata kifua, haifuati uso. Dada huyu kidevu chake kiko kushoto, lakini kishimo cha mitulinga kiko karibu na katikati, na kifungo cha juu lazima kikae hapo. Ukikiweka chini ya kidevu, shati litaonekana limezunguka mwilini. Pia, kola ni duara linalotazamwa kwa mshazari: nyuma iko juu, mbele imeshuka, na upande wa mbali unapotelea nyuma ya shingo mapema kuliko unavyodhani.

Vivuli ni viwili. Kimoja ni cha mgusano, pale kola inapokutana na ngozi: upana wa pikseli 4 au 5, kwenye leya ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, rangi imechukuliwa kwenye kivuli cha ngozi yake. Weusi mtupu hufanya uchafu. Cha pili ni kipana na laini, kile cha taya, na hiki hakina budi kuanguka juu ya kola pia, si kwenye shingo peke yake. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulipita: fulana nyeusi haikuwa ikirudisha mwanga, shati jeupe linarudisha. Kwa hiyo nilikitia nuru kidogo kivuli cha chini ya taya kwa Curves, zana ya kupandisha na kushusha mwanga. Bila hivyo shati ni zuri, shingo ni nzuri, ila havikupigwa picha pamoja.

Kukagua, ninaweka juu kabisa leya ya Curves yenye mkunjo mkali. Viraka vya ngozi ambavyo jicho halikuviona hujianika. Nikikuza hadi asilimia 200 natazama chembechembe: sehemu iliyopakwa brashi huwa laini mno, inahitaji Add Noise kidogo.

Kazi moja ninaikataa: picha ya ubavuni yenye mwanga mkali kutoka nyuma, sikio limefunikwa na hakuna picha nyingine. Mwanga huo hupenya sikio na kuliwasha wekundu usiolingana kwenye mikunjo yote, na nywele za kisogoni huwaka moja moja. Hapo ninamwambia mteja tupige upya.